Kikombe Kimoja, Tasnifu Mbili

Mwanafunzi wa uzamili katika idara ya taaluma ya dini anaweza kurudishiwa sura yake ya nne ikiwa na maneno matatu pembeni: "Haya ni mahubiri." Mwenzake aliye katika chuo cha teolojia hurudishiwa sura inayofanana sana na hiyo, lakini yeye ameandikiwa kinyume chake: "Umetueleza watu wanasema nini. Wewe unasema kanisa lifundishe nini?" Wote wawili hutoka ofisini kwa msimamizi wameduwaa. Walidhani wanasoma kitu kimoja chenye majina mawili.

Kosa si lao peke yao. Shuleni kwetu somo la dini hufundishwa na mtu wa dini hiyo, kwa watoto wa dini hiyo, ili wakue katika dini hiyo. Anayetoka huko akikutana na idara ya chuo kikuu yenye neno "dini" kwenye kibao chake, hutarajia mwendelezo wa yaleyale kwa kina zaidi. Hakuna aliyemwambia kwamba kuna njia mbili, na kwamba tasnifu yake itasimama au kuanguka kwa kujua yuko kwenye njia ipi.

Wengi hudhani tofauti ni imani ya mwandishi: anayesali huandika teolojia, asiyesali huandika taaluma ya dini. Si hivyo. Wapo mapadri na masheikh walioandika tasnifu safi kabisa za taaluma ya dini. Tofauti iko katika mambo mawili: ni kitu gani kinaruhusiwa kusimama kama ushahidi, na hitimisho linamwambia nani. Mwanateolojia huandika akiwa ndani ya jumuiya yenye maandiko na mapokeo inayoyakiri, na maandiko hayo ni hoja kwake. Mwanataaluma wa dini huchukua maandiko hayohayo kama kitu cha kuchunguzwa. Mskoti Ninian Smart, aliyeanzisha idara maarufu ya taaluma hii katika Chuo Kikuu cha Lancaster mwaka 1967, alisisitiza kwamba mtafiti aliweke kando swali la iwapo Mungu yupo au hayupo, asilikubali wala asilikanushe, ili aweze kuwaona vizuri watu wanaomwamini.

Maelezo haya yakibaki hewani hayamsaidii mtu. Tuchukue jambo ambalo wasomaji wengi wanalikumbuka.

Mwaka 2011, katika kijiji cha Samunge huko Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, aliwanywesha watu dawa iliyochemshwa kutokana na mti uitwao mugariga. Watu wakamwita Babu. Kikombe kilikuwa shilingi 500. Alisema Mungu alimwotesha, na kwamba dawa hufanya kazi ikitolewa na yeye mwenyewe, palepale. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi. Walikwenda Wakristo, wakaenda Waislamu, wakaenda wanasiasa. Wapo waliotolewa hospitalini wakafia njiani, na wapo waliorudi wakaacha dawa za kufubaza virusi vya ukimwi. Babu alifariki mwaka 2021.

Sasa wanafunzi wawili wanataka kuandika tasnifu juu ya kikombe hicho.

Wa kwanza yuko katika taaluma ya dini. Swali lake linaweza kuwa hili: kwa nini dawa ya mchungaji mmoja wa Kilutheri iliaminika kwa watu wa dini zote kwa wakati mmoja? Ushahidi wake ni watu na vitu vyao: mahojiano na waliokunywa, na ndugu za waliokufa, na madereva, na wenye vibanda vya chakula pale Samunge, pamoja na magazeti ya mwaka ule na matamko ya serikali na ya makanisa. Ataona kwamba miti ya aina ile ilikuwa ikitumika kama dawa za asili tangu zamani, kwa hiyo jipya halikuwa mti bali mkono unaoutoa. Hapo atamhitaji Max Weber, mwanasosholojia wa Kijerumani aliyeeleza mamlaka ya karama, yaani utii ambao watu humpa mtu kwa kuamini kwamba amejaliwa jambo lisilo la kawaida, hata kama hana cheo. Babu alikuwa amestaafu, cheo cha kiofisi hana, lakini kikombe bila mkono wake kilihesabiwa kuwa maji tu. Hiyo ni karama katika umbo lake kamili. Pia atauliza kwa nini kikombe, maana Mkristo amezoea kupokea kikombe kutoka mkononi mwa mchungaji. Hitimisho lake litahusu watu: namna wagonjwa wa Afrika Mashariki wanavyopima nguvu ya uponyaji, na kwa nini bei ndogo na safari ndefu viliongeza imani badala ya kuipunguza. Hatasema kama ndoto ilitoka kwa Mungu. Halipuuzi swali hilo. Vifaa vyake havina uwezo wa kulijibu.

Wa pili yuko katika chuo cha teolojia cha Kilutheri. Swali lake ni jingine kabisa: je, kanisa lilipaswa kulipokea dai la mtumishi wake kwamba Mungu amemwonyesha dawa katika ndoto? Neno "lilipaswa" linaibadilisha kazi nzima. Huyu ataanza na maandiko, na atakuta yanavuta pande mbili. Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 5, kinamsimulia Naamani mwenye ukoma, aliyeagizwa kuoga mto mmoja maalumu mara saba ingawa kwao kulikuwa na mito mizuri zaidi. Basi uponyaji uliofungwa mahali pamoja si jambo geni katika Biblia. Lakini sura hiyohiyo inasema Elisha alikataa malipo, na Gehazi mtumishi wake alipoyafuata kwa siri, ukoma ukamshika yeye. Shilingi 500 ni ndogo, ila mwanateolojia hawezi kuiruka sura hiyo. Halafu kuna mapokeo ya kanisa lake. Katika Makala za Smalkald za mwaka 1537, Luther aliwakemea waliodai kumpokea Roho bila Neno la nje, akashikilia kwamba Mungu hashughuliki nasi ila kwa Neno na sakramenti. Maandishi hayo ni sehemu ya vitabu vya ukiri wa Walutheri. Mwanafunzi lazima aonyeshe kama ndoto ya Samunge inagongana nayo au la, na kama inagongana, kwa nini viongozi wa kanisa hilo walimuunga mkono Babu hadharani. Hitimisho lake litawaambia maaskofu, wachungaji na waumini jambo la kufanya mara nyingine mtu akija na ndoto.

Angalia kwamba mwanateolojia naye anaweza kwenda Samunge na daftari. Mahojiano si mali ya upande mmoja. Yanabeba mzigo tofauti tu. Tuseme kila mwanafunzi amehoji watu 50, na 40 kati yao wamesema dawa ilitoka kwa Mungu. Kwa wa kwanza hayo ni matokeo, anaweza kuyachambua kwa kurasa nyingi. Kwa wa pili bado hajapata jibu lolote, kwa sababu ukweli wa ufunuo haupigiwi kura. Kwake mahojiano hukoleza swali, nalo jibu lazima litoke kwenye maandiko, mapokeo na hoja. Mwanafunzi wa teolojia anayejaza sura mbili kwa asilimia za majibu ya dodoso, kisha akahitimisha "kwa hiyo kanisa likubali," ameruka mto bila daraja.

Kuna mpaka mwingine ambao wote wawili hawauvuki. Kama mugariga unatibu kisukari ni kazi ya maabara. Kiswahili kinatusaidia kuona hatari hiyo katika kitenzi kimoja. "Walisema wamepona" ni sentensi ya taaluma ya dini. "Mungu huponya" ni sentensi ya teolojia. "Walipona" si ya yeyote kati yao, ni ya daktari mwenye vipimo viwili mkononi, vya kabla na vya baada. Nikisoma tasnifu ya jambo kama hili huanza na vitenzi. Mahali ambapo "walisema" inapotea kimyakimya ikabaki "walipona," ndipo mwandishi alipoacha njia, na mara nyingi yeye mwenyewe hajui.

Msomaji Mwislamu asidhani haya ni ya makanisa. Mwanafunzi anayeandika juu ya maulidi ya Lamu akiuliza kama ni bidaa, dalili zake ni Kurani, hadithi na kauli za wanazuoni, na lazima azipime kwa kanuni za elimu hiyo. Akiuliza kwa nini maulidi yanawarudisha Lamu watu kutoka kila pembe ya pwani mwaka hadi mwaka, atahitaji kukaa msikitini Riyadha na kwenye vibaraza, asikilize. Akiyachanganya maswali hayo mawili katika sura moja, atawaudhi wanazuoni na watahini kwa pamoja.

Mfano wa Loliondo nimeupanga mimi ili njia zionekane. Lakini Afrika Mashariki imewahi kuwa na ugomvi wa kweli juu ya jambo hili, kati ya wasomi wawili waliozaliwa mwaka mmoja, 1931: John Mbiti wa Kitui na Okot p'Bitek wa Gulu.

Mbiti alipata uzamivu Cambridge mwaka 1963, na tasnifu yake ikachapishwa kitabu mwaka 1971. Ilihusu mafundisho ya Agano Jipya juu ya mambo ya mwisho, na namna Wakamba walivyoyapokea. Wamisionari wa Africa Inland Mission, waliofika Ukambani mwaka 1895, walihubiri mbingu, moto wa Jehanamu, mji na hazina kana kwamba ni vitu vya kushikika vitakavyofika baadaye. Mbiti alisema mafundisho hayo yaliwaangukia watu ambao hawakuwa na wakati ujao wa mbali katika fikra zao. Vitenzi vya Kikamba, alidai, vinashughulikia mambo yajayo ya miezi kama sita, na kwa vyovyote si zaidi ya miaka miwili. Wakati wa Kikamba aliugawa sehemu mbili, mituki na tene, ambazo katika kitabu chake mashuhuri cha mwaka 1969 alizipa majina ya Kiswahili, Sasa na Zamani. Kisha akaonyesha njia: alama zile za mwisho zielekezwe kwa Kristo mwenyewe, na ubatizo na meza ya Bwana viwe mahali ambapo Mkamba anaonja leo kile alichokuwa akikisubiri kama tukio la mbali.

Hii ni tasnifu ya teolojia waziwazi. Hitimisho lake linaliambia kanisa lifundishe vipi. Lakini mguu wake mmoja unakanyaga taaluma ya dini, maana dai la kwamba Wakamba hawana wakati ujao wa mbali si dai la Biblia. Ni dai juu ya watu na lugha yao, na linapaswa kupimwa kama madai mengine ya aina hiyo. Lilipopimwa lilitetereka, hasa Mbiti alipolitoa Ukambani akalieneza kwa Waafrika kwa jumla. Mwanafalsafa wa Ghana, Kwame Gyekye, alijibu mwaka 1987 kwamba Waakan wanao wakati ujao wa mbali bila shida. Sisi wenyewe, kabla ya kufika popote, tuna kesho, kesho kutwa, mtondo na mtondogoo, na wala "-ta-" yetu haina ukomo wa miaka miwili.

Je, msingi huo ukipasuka, nyumba inaanguka? Kwa maoni yangu si yote. Kwamba wamisionari walifundisha alama kana kwamba ni ramani, na kwamba Agano Jipya halizitumii hivyo, kunathibitishwa kwa kusoma Agano Jipya na mafundisho ya wamisionari. Sehemu hiyo haitegemei vitenzi vya Kikamba, na inasimama. Kinachoanguka ni maelezo ya kwa nini Wakamba walipokea mafundisho hayo kama walivyoyapokea. Mwanafunzi wa leo ajifunze kuisoma tasnifu kwa namna hii, na aisome yake vilevile kabla ya watahini: kila sura inasimama juu ya ushahidi wa aina gani, na ukiuondoa mmoja, sura zipi zinaondoka nao?

Okot p'Bitek alisoma anthropolojia Oxford, na katika kitabu chake juu ya dini za Kiafrika katika usomi wa Wazungu, mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliwashambulia Mbiti na wenzake bila huruma. Kosa lao, alisema, ni kuivisha miungu ya Kiafrika sifa za Mungu wa Wakristo, sifa zenyewe zikiwa zimeazimwa kwa Wagiriki, halafu kutangaza kwamba wamezikuta huko. Kisa chake maarufu ni cha mwaka 1911. Mapadri Waitalia waliwauliza wazee wa Kiacholi: nani aliwaumba? Lugha yao haikuwa na neno la kuumba kwa maana ya Biblia, kwa hiyo swali likawafikia kama: nani aliwafinyanga? Wazee wakasema hawajui, watu huzaliwa na mama zao. Mapadri wakakazana. Ndipo mzee mmoja akakumbuka kwamba mtu akipatwa na kifua kikuu cha uti wa mgongo, akapinda, husemwa amefinyangwa na Rubanga, pepo mbaya. Akajibu: Rubanga. Mapadri wakaandika kwamba Rubanga ndiye Mungu muumbaji, na jina hilo likaingia katika sala.

Kisa hiki kingekuwa sura ya kwanza ya kila kozi ya mbinu za utafiti. Jibu la wazee lilitengenezwa na swali. Waliouliza walikwenda na sanduku lenye umbo tayari, wakasisitiza mpaka kitu fulani kikaingia ndani yake. Mtafiti wa leo hufanya vivyo hivyo anapomwuliza bibi wa kijijini, "Mnaamini nini kuhusu Mungu mkuu?" kabla ya kujua kama bibi huyo ana habari na mungu aliye mkuu. Dalili ni rahisi kuiona kwenye kiambatisho cha maswali: ikiwa maneno ya jibu yamo tayari ndani ya swali, data hiyo ni mwangwi wa mtafiti mwenyewe.

Lakini mpe mwanateolojia kisa hichohicho, naye ana la kusema. Kwamba jina Rubanga lilianzia kwa pepo wa kupindisha migongo hakumalizi jambo. Neno la Kigiriki "theos," wanalolitumia waandishi wa Agano Jipya kumtaja Mungu, lilikuwa likitumika kwa Zeu na jamaa zake wote, na Wakristo wa kwanza walilichukua hivyohivyo wakalijaza maana nyingine. Neno letu Mungu nalo lilikuwa la Wabantu kabla halijaitikiwa msikitini na kanisani. Kwa hiyo swali la mwanateolojia si jina lilitoka wapi, bali Waacholi wanaosali leo wanamwita nani kwa jina hilo, na kama kanisa lina haki ya kulitumia. Okot hana jibu la swali hilo, wala Mbiti hawezi kulitumia jibu lake kumnyamazisha Okot. Kila mmoja amethibitisha jambo ambalo mwenzake hakuulizwa.

Tena nisimfanye Okot kuwa malaika wa kutoegemea upande. Alikuwa na upande wake: alitaka dini za Kiafrika zijadiliwe kwa heshima ya kuwa zenyewe, na alikuwa na hasira na ukoloni. Hilo halikuvunja hoja yake juu ya mwaka 1911, lakini linawaonya wanaodhani kwamba taaluma ya dini haina mahubiri yake. Mwanafunzi anayeandika kwamba watu wa Samunge "walidanganywa" ametoa hukumu kubwa sawa na anayesema "walibarikiwa." Wote wawili wamekwenda mbali kuliko daftari lao.

Basi wewe unayeandaa pendekezo la utafiti mwaka huu, kabla ya kuchagua mji na idadi ya wahojiwa, andika kwanza sentensi ya mwisho ya tasnifu yako jinsi unavyotumaini itakuwa. Ikiwa ina "kanisa linapaswa" au "umma unawajibika," tafuta msimamizi wa teolojia au wa elimu ya dini yako, na ujifunze lugha za maandiko yake, maana dodoso halitakufikisha. Ikiwa ina "ndiyo maana watu hawa," nenda ukae nao muda mrefu kuliko unavyokusudia, na ujifunze lugha yao. Na ikiwa ina vyote viwili, kama ya Mbiti, tenga kurasa za kueleza wazi unavyotoka upande mmoja kwenda wa pili, kwa sababu hapo ndipo mtahini atakapokusimamisha.

Mbiti mwenyewe alifariki Uswisi mwaka 2019. Miaka mitano kabla ya hapo, mwaka 2014, ilichapishwa tafsiri yake ya Agano Jipya kutoka Kigiriki kwenda Kikamba, na katika kurasa zake kila ahadi ya mambo yajayo ilibidi itafutiwe kitenzi.